Antifona isiyo na namba: ni modi ya kwanza au ya pili?

Swali: Mwalimu, naongoza korali ndogo ya wanaume hapa Kadutu, Bukavu. Tumepewa fotokopi ya antifona ya Magnifikati kutoka kitabu cha zamani cha Kilatini, lakini kona ya juu imekatwa, kwa hiyo namba ya modi haionekani, na ufunguo umefifia. Mimi nasoma hivi: re do re fa fa sol fa mi re, fa fa sol la sol fa mi fa, do fa fa sol fa mi re do re. Mwenzangu anasema inaishia la, si re, kwa sababu ufunguo ni wa do. Wanaokubali re nao wanabishana kama ni modi ya kwanza au ya pili. Mwishoni kuna herufi E u o, kisha karatasi imekatika. Tutajuaje modi yake, na Magnifikati tuiimbe kwa toni gani?

Jibu: Ni modi ya pili, na Magnifikati iimbwe kwa toni ya pili ya zaburi. Nitaeleza nilivyofikia hapo kwa mpangilio ambao mimi huufuata kila mara, yaani ufunguo kwanza, kisha noti ya kumalizia, kisha eneo ambamo sauti inazunguka, na mwisho noti ya kusomea. Wengi huanza na eneo la sauti kwa sababu linaonekana upesi kwa macho, lakini katika antifona fupi kama hii eneo ndilo shahidi asiyesema kitu, na nadhani ndiyo maana mabishano yenu hayajaisha.

Tuanze na ufunguo. Katika mistari minne ya vitabu vya Kilatini ufunguo wa do unafanana na herufi C, nao unakaa kwenye mstari ambao ni do. Ufunguo wa fa una umbo hilohilo la C, ila mbele yake, upande wa kushoto, umeshikamana na noti ya mraba. Fotokopi ikipigwa kutoka fotokopi nyingine, au ukingo wa kushoto ukiliwa kidogo na mashine, noti hiyo ya mraba hupotea, na ufunguo wa fa unabaki ukionekana kama wa do. Ninaamini ndicho kilichotokea kwenye karatasi yenu. Ikiwa ufunguo wa fa umekaa mstari wa tatu kutoka chini, mstari wa pili unakuwa re, wa tatu fa, na wa nne la. Mtu akiusoma ufunguo huohuo kama wa do, mstari wa pili unageuka la, wa tatu do, na wa nne mi. Kwa hiyo wewe na mwenzako mnatazama mstari mmoja, mnaupa majina mawili. Tazameni mistari mingine ya ukurasa huo, kwa maana ufunguo hurudiwa mwanzoni mwa kila mstari wa muziki, na mara nyingi angalau mmoja huponea chupuchupu.

Hata hivyo, ningependa muone kwamba tofauti yenu, kwa wimbo huu mmoja, haibadilishi sauti hata kidogo. Usomaji wa mwenzako utakuwa la sol la do do re do si la. Do do re mi re do si do. Sol do do re do si la sol la. Pimeni umbali kati ya noti na noti. Kutoka re kwenda mi ni toni nzima, na kutoka la kwenda si pia ni toni nzima. Kutoka mi kwenda fa ni nusu toni, na kutoka si kwenda do ni nusu toni vilevile. Kutoka fa kwenda sol na kutoka do kwenda re ni toni nzima, na kutoka sol hadi la ni sawa na kutoka re hadi mi. Chini ya re kuna do kwa toni nzima, na chini ya la kuna sol kwa toni nzima. Waimbaji wawili wakiimba kila mmoja kwa majina yake, msikilizaji hatajua kwamba hawakubaliani.

Tofauti ingejitokeza kama wimbo ungepanda noti moja zaidi au kushuka noti moja zaidi. Juu ya la, katika usomaji wako, kuna si kwa toni nzima, lakini juu ya mi, katika usomaji wa mwenzako, kuna fa kwa nusu toni. Chini ya do kuna si kwa nusu toni, ilhali chini ya sol kuna fa kwa toni nzima. Wimbo wenu haugusi noti hizo, na kwa hiyo hauwezi kuamua ugomvi huo kwa nguvu zake wenyewe. Ndiyo sababu pia vitabu vyenyewe, mara nyingine, huandika wimbo wa modi ya pili ukiishia la bila kuuhesabu kuwa modi nyingine. Graduali ya Pasaka, Haec dies, ni mfano unaojulikana: imeandikwa modi ya pili, nayo inaishia la. Kwa hiyo hata kama mwenzako angekuwa na haki kuhusu ufunguo, jibu la modi lingebaki lilelile, ila kila noti ingesogezwa tano juu. Alama moja ingeweza kuwasuluhisha mara moja: bemoli. Katika nyimbo hizi bemoli huwekwa kwenye si peke yake, hivyo popote unapoiona umeshapata mahali pa si, na kutoka hapo unahesabu noti nyingine zote. Kwenye karatasi yenu haipo, basi tunaendelea na usomaji wa re, ambao ndio wa kawaida kwa modi hii.

Sasa noti ya kumalizia. Hii ni noti ya mwisho ya antifona yenyewe, nayo inaamua jozi ya modi. Nyimbo zinazoishia re ni za modi ya kwanza au ya pili, zinazoishia mi ni za tatu au nne, zinazoishia fa ni za tano au sita, na zinazoishia sol ni za saba au nane. Kwa kuwa yenu inaishia re, modi sita zimeshaondoka mezani kwa tazamo moja. Kuna makosa mawili hapa ambayo huwapata hata watu wenye masikio mazuri. La kwanza ni kuchukua ile noti ndogo iliyo kwenye mwisho wa mstari wa muziki, iliyoandikwa bila neno chini yake, kuwa noti ya wimbo. Hiyo haiimbwi, kazi yake ni kumtangazia mwimbaji noti inayoanza mstari unaofuata. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuhesabu noti zilizo juu ya E u o u a e kuwa mwisho wa antifona. Zile ni za zaburi, na zaburi ina ruhusa ya kuishia mahali pengine kabisa. Katika toni ya kwanza, kwa mfano, aya inaweza kuishia fa, sol au la, na bado antifona yake ikaishia re. Mtu akichukua fa hiyo kama noti ya kumalizia, atautangaza wimbo wa modi ya kwanza kuwa wa tano au wa sita, kisha ashangae kwa nini hakuna kinachofuata kinachokaa sawa.

Baada ya jozi kujulikana, kinachobaki ni kutenganisha wawili wanaoishi nyumba moja. Modi yenye namba witiri, yaani ya kwanza, tatu, tano na saba, huinuka juu ya noti yake ya kumalizia hadi kufikia karibu noti ya nane, na chini yake haishuki zaidi ya noti moja. Modi yenye namba shufwa huiweka noti ya kumalizia katikati, hushuka chini yake hadi noti ya nne, na juu yake hufika noti ya tano au ya sita. Kwa jozi ya re maana yake ni kwamba modi ya kwanza hutembea kati ya do ya chini na re ya juu, na modi ya pili hutembea kati ya la ya chini na la ya juu, mara nyingine ikigusa si bemoli.

Antifona yenu haishuki chini ya do na haipiti la. Linganisheni na maelezo hayo mawili, mtaona kwamba inaingia katika yote mawili bila kubana popote. Noti moja chini ya re inaruhusiwa kwa modi ya kwanza, na noti tano juu, ukiihesabu re yenyewe, zinaruhusiwa kwa modi ya pili. Kama wimbo ungefika do au re ya juu, ningesema modi ya kwanza bila kusita. Kama ungeshuka hadi la ya chini, ningesema ya pili bila kusita. Kwa kuwa haufanyi lolote kati ya hayo, hoja ya yule anayesema «ni ya kwanza kwa sababu imefika la» na hoja ya yule anayesema «ni ya pili kwa sababu haijafika re ya juu» zote mbili hazina uzito. Antifona nyingi za Masifu ya Jioni ni fupi, huwa na sentensi mbili au tatu tu, na kwa kweli hazina nafasi ya kutumia eneo lote la modi yao. Ningewaomba msilazimishe eneo liseme lisilolijua.

Hapo ndipo noti ya kusomea inapoingia. Kila modi ina noti ambayo zaburi husomewa juu yake, neno baada ya neno, kabla sauti haijageuka katikati ya aya na mwisho wake. Kwa modi ya kwanza noti hiyo ni la, na kwa ya pili ni fa. Jambo linalotusaidia ni kwamba antifona yenyewe, ingawa si zaburi, huizunguka noti hiyohiyo: huirudia, huipa silabi zenye mkazo, husimama juu yake katikati ya wimbo, na noti za jirani huonekana kama mapambo yake.

Tuupitie wimbo wenu sentensi kwa sentensi. Ya kwanza, re do re fa fa sol fa mi re, inatoka kwenye noti ya kumalizia, inashuka kidogo, inapanda moja kwa moja hadi fa, inairudia, inagusa sol na kurudi palepale kabla ya kuteremka nyumbani. Sol haina maisha yake hapo, ipo ili fa isichoshe. Ya pili, fa fa sol la sol fa mi fa, inaanza na fa, na inaishia fa. La mnayobishania imo humu, na imo mara moja tu katika wimbo mzima, katikati ya sol mbili, kama kilele kinachoguswa na kuachwa. Zaidi ya hayo, sentensi inaposimama kupumua haisimami la wala re, inasimama fa. Ya tatu, do fa fa sol fa mi re do re, inaruka kutoka do hadi fa bila kupita kati, inakaa fa tena, kisha inateremka hadi do na kupanda re. Fa imejitokeza mara kumi, la mara moja. Lakini nisingependa mhesabu tu. Wimbo wa modi ya kwanza unaweza pia kuwa na fa nyingi, kwa sababu fa iko njiani kati ya re na la. Kinachoamua ni mahali ambapo sauti inakaa na mahali ambapo inapita. Mrudie wimbo polepole na mwondoe noti za kupitia, mtabaki na re, fa, fa, fa, re.

Kwa kulinganisha, chukueni antifona ya kuingilia ya Majilio, Rorate caeli desuper, ambayo ni ya modi ya kwanza. Mara tu inapoanza inaruka kutoka re hadi la, inagusa si bemoli, inarudi la. Huko, la ni mahali pa kukaa, na re na la zinavutana tangu neno la kwanza. Mkiimba mwanzo wa wimbo huo kisha mwanzo wa antifona yenu, mkianzia re ileile, sikio litatoa hukumu kabla ya hoja.

Sasa zile herufi tatu. E u o u a e ni vokali za maneno mawili ya mwisho ya «Utukufu kwa Baba» kwa Kilatini, saeculorum Amen, zikiandikwa peke yake ili kuokoa nafasi. Noti zilizo juu yake zinaonyesha jinsi aya ya zaburi itakavyofungwa, ili ijiunge vizuri na antifona inaporudiwa. Na kwa kuwa ufungaji huo huanza pale usomaji unapokwisha, noti ya kwanza juu ya E ndiyo noti ya kusomea yenyewe. Mhariri wa kitabu amekupa jibu kwenye ukingo wa karatasi! Hukuniandikia noti zilizo juu ya herufi tatu zilizopona, lakini mnaweza kuzitazama sasa hivi. Katika toni ya kwanza herufi tatu za mwanzo huwa na la, la, sol, kwa sababu toni hiyo huanza kuteremka mapema. Katika toni ya pili huwa na fa, fa, fa, kwa sababu toni hiyo hubaki kwenye noti ya kusomea hadi silabi ya tatu. Kwa lugha ya mistari yenu, mtakuta noti tatu zote zimekaa juu ya mstari wa tatu, uleule wenye ufunguo. Zikiwa hapo, mabishano yamekwisha. Zikianzia mstari wa nne na kushuka, mnijulishe, maana hapo itabidi tuulize kama herufi hizo ni za antifona hii au ni mabaki ya antifona iliyotangulia, jambo ambalo si geni kwenye kurasa zilizokatwa na kubandikwa.

Kwa nini haya yote yana maana kwa mwimbaji? Kwa sababu modi ikikosewa, Magnifikati haitaungana na antifona. Toni ya pili huanza do, hupita re, hutulia fa, na katikati ya aya hupanda sol na kurudi fa. Hizo ni noti zilezile ambazo antifona imekuwa ikizizoeza sikio. Aya inafungwa mi, do, re, na antifona inaanza re, kwa hiyo kurudi kwake hakumlazimu mwimbaji kutafuta noti hewani. Mkichukua toni ya kwanza, usomaji utakuwa la, noti ambayo wimbo uliigusa mara moja tu. Wanaume watamaliza antifona wakiwa chini, kisha watasukumwa tano juu na kukaa huko aya baada ya aya, na kila mara antifona inaporudi wataanguka tena chini. Mara nyingi kosa la modi husikika hivyo kanisani: hakuna noti iliyoimbwa vibaya, lakini watu wanapoteza sauti ya kuanzia kila wanaporudi kwenye antifona. Kumbukeni pia kwamba katika Magnifikati kianzio cha toni hurudiwa kwenye kila aya, tofauti na zaburi za kawaida ambapo kinaimbwa kwenye aya ya kwanza tu, na hivyo kosa la toni linarudiwa mara nyingi zaidi.

Mpangilio huu utawafaa kwa jozi nyingine, lakini jozi ya mi inahitaji tahadhari. Noti za kusomea za modi zenye namba witiri, kwa kanuni, ziko tano juu ya noti ya kumalizia: la kwa ya kwanza, do kwa ya tano, re kwa ya saba. Kwa modi ya tatu kanuni ingetoa si, na kweli zamani ilikuwa si, lakini noti hiyo inayotikisika kati ya bemoli na isiyo bemoli haikuwa rahisi kuikalia, ikapandishwa hadi do. Jambo lilelile lilitokea kwa modi ya nane, ambayo husomewa do. Zilizobaki ni ya nne, inayosomewa la, na ya sita, inayosomewa la pia. Mfano wa modi ya tatu mnao tayari: ile sauti ya kale ya Pange lingua ambayo kwayo huimbwa Tantum ergo wakati wa baraka ya Sakramenti. Mtu aliyelelewa na kinanda husikia do nyingi humo, akasema ni «do kubwa», halafu mwisho unapotua mi anadhani wimbo umekatika, na nimesikia wapiga kinanda wakiongeza akordi ya do ili «kuumalizia». Do hiyo wanayoisikia ni noti ya kusomea, wala si noti ya kumalizia. Sentensi ya kwanza inatoka mi na kupanda hadi do, na mwisho unarudi mi. Hiyo ndiyo modi ya tatu ikiwa kamili.

Jozi ya fa mtaipata kwa urahisi katika Misa ya Malaika, ambayo korali zetu nyingi zinaijua kwa moyo. Kirie yake ni modi ya tano, inapanda kwa upana juu ya fa na kukaa do, na Sanktusi yake ni modi ya sita. Antifona ya kuingilia ya misa ya marehemu, Requiem aeternam, ni ya sita pia. Kwa nyimbo za kuingilia kama hiyo hamna haja hata ya kuchunguza sana, kwa sababu aya ya zaburi imeandikwa yote baada ya antifona. Tazameni noti inayobeba silabi nyingi mfululizo katika Te decet hymnus, mtakuta la, na fa ya kumalizia pamoja na la ya kusomea haziwezi kuwa kingine ila modi ya sita.

Mtakutana pia na nyimbo zitakazokataa kuingia kwenye jozi yoyote kwa usafi, hasa sekwensia ndefu zinazotumia eneo la witiri na la shufwa kwa pamoja. Msishangae. Nyingi za sauti hizi zilikuwa zikiimbwa kwa kumbukumbu kabla mtu hajazipa namba, na orodha ya zamani kabisa tuliyo nayo inayozipanga nyimbo kwa modi nane, ile ya abasia ya Saint-Riquier huko Ufaransa, ni ya mwisho wa karne ya 8. Kazi ya orodha za namna hiyo ilikuwa ileile mnayoihitaji ninyi, kumwambia mwimbaji wimbo gani unakwenda na toni gani ya zaburi. Panapokuwa na shaka, basi, namba ya kitabu ni uamuzi wa mtu aliyetaka kuunganisha wimbo na zaburi, na noti ya kusomea ina uzito kuliko eneo.

Kuhusu urefu wa sauti, msitafute fa ya kinanda. Mistari minne haitaji urefu halisi, inataja umbali tu kati ya noti. Modi ya pili ikiimbwa kama ilivyoandikwa, wanaume wa sauti nyembamba watalalamika kwamba do iko kaburini. Ipandisheni mpaka noti ya kusomea iwe karibu na la ya kinanda, au si bemoli kama sauti zenu ni nyepesi, na re ya kumalizia itaangukia takribani fa diyezi au sol. Mpiga kinanda akiwapa noti ya kuanzia, awape hiyo, kisha anyamaze.

Mkishathibitisha zile noti tatu za E u o, chukueni kalamu mjaze kilichokatwa: juu ya u ya pili wekeni mi, juu ya a wekeni do, juu ya e wekeni re. Toni ya pili katika vitabu vya Kirumi ina mwisho huo mmoja tu, kwa hiyo hakuna cha kukisia. Kwenye kona ya juu andikeni 2, na kando yake D kubwa, ambayo katika vitabu hivyo maana yake ni kwamba aya ya zaburi inafungwa kwenye re, noti ileile ya kumalizia ya antifona.